Katoni 20 Zilizobaki Nje: Jinsi ya Kuhakiki Hesabu za Kontena

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza bidhaa Guangzhou hupokea karatasi moja muhimu kabla kontena halijafungwa. Ni orodha ya mzigo, ambayo wengi huiita pakingi listi. Kila bidhaa ina mstari wake, na kila mstari una mambo manne: idadi ya katoni, vipimo vya katoni moja, ujazo na uzito. Safu yenye herufi CBM ni mita za ujazo. Yenye NW ni uzito halisi wa bidhaa peke yake, na yenye GW ni uzito ghafi, yaani bidhaa pamoja na katoni na vifungashio vyake.

Wengi huishusha macho moja kwa moja hadi jumla iliyo chini ya ukurasa. Wakiona mita za ujazo ni pungufu ya zile za kontena, na uzito hauvuki kikomo, wanamjibu muuzaji aendelee kupakia. Jumla, hata hivyo, ndiyo mahali pabaya zaidi pa kutafuta kosa, kwa sababu huchanganya mistari yote na kuficha ulipo upungufu. Anayetaka kuhakiki hesabu za kontena hana budi kushuka hadi kwenye katoni moja ya kila bidhaa, kisha apande tena akilinganisha namba moja na nyingine.

Tuchukue mfano wa kontena la futi 40 lenye kimo cha ziada, lile linaloandikwa 40HC. Ndani lina urefu wa takriban mita 12.03, upana mita 2.35 na kimo mita 2.69, hivyo ujazo wake ni kama mita za ujazo 76. Muuzaji ametuma orodha hii:

Chupa za chai: katoni 300, sentimita 58 × 42 × 36, CBM 26.31, NW kilo 3,300, GW kilo 3,750.

Kandambili: katoni 220, sentimita 60 × 45 × 40, CBM 22.68, NW kilo 3,150, GW kilo 3,465.

Sufuria: katoni 168, sentimita 50 × 50 × 35, CBM 14.70, NW kilo 2,352, GW kilo 2,352.

Jumla: katoni 688, CBM 63.69, GW kilo 9,567.

Kwa jicho la haraka orodha hii haina shida. Mita 63.69 ni pungufu kabisa ya 76, na kilo 9,567 ni mzigo mwepesi kwa kontena linaloweza kubeba zaidi ya tani 26. Lakini ndani yake mna makosa matatu, na kila moja linahitaji njia yake ya kulikamata.

Namba zinazotoa ushahidi

Hatua ya kwanza ni hesabu ya mstari mmoja mmoja. Zidisha urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, zidisha tena kwa idadi ya katoni, kisha gawanya kwa milioni moja, kwa kuwa mita moja ya ujazo ina sentimita za ujazo 1,000,000. Kwenye jedwali la kompyuta, ikiwa idadi ya katoni imo kwenye safu B na vipimo vimo kwenye C, D na E, fomula ni hii:

```
=B2*C2*D2*E2/1000000
```

Mstari wa chupa unatoa 26.31, sawa na ulivyoandikwa. Wa sufuria unatoa 14.70, nao ni sawa. Wa kandambili unagoma: katoni 220 za vipimo hivyo zinatoa 23.76, wakati orodha inasema 22.68.

Sasa tunajua kuna kosa, lakini hatujui liko kwenye namba ipi. Huenda idadi si sahihi, huenda kipimo kimoja kimekosewa, au ujazo wenyewe. Hapa namba nyingine za mstari huo huo huitwa kutoa ushahidi. Katoni moja ina ujazo wa mita 0.108. Ukigawanya 22.68 kwa 0.108 unapata 210 kamili. Chukua uzito: kwenye katoni yenyewe imechapwa GW kilo 16.5, na 3,465 ukiigawanya kwa 16.5 unapata 210 tena. Nenda kwenye invoisi: umenunua jozi 12,600, na kila katoni ina jozi 60. Gawanya, na jibu ni 210. Ujazo, uzito na jozi zote zinasema neno moja, na idadi iliyoandikwa ndiyo iliyo peke yake. Aliyechapa orodha ameandika 220 badala ya 210, na jumla sahihi ya katoni ni 678, si 688.

Kosa la namna hii halibadilishi chochote ndani ya kontena, lakini linaumiza likifika bandarini. Idadi ya katoni kwenye orodha ndiyo inayonakiliwa kwenye hati ya shehena na kwenye nyaraka za forodha. Kontena likifunguliwa Dar es Salaam kwa ukaguzi na zikahesabiwa 678, karatasi zinasema kuna katoni 10 zisizoonekana. Wakala wako atalazimika kueleza zilikokwenda, mzigo ukisubiri na gharama za kuhifadhi zikipanda, ilhali katoni hizo hazikuwahi kuwapo.

Lakini si kila tofauti ni kosa. Mwandishi wa orodha akipunguza desimali mapema mno, majibu hupishana. Ujazo wa 0.108 ukiandikwa 0.11 kabla ya kuzidishwa kwa 210, unapata 23.10 badala ya 22.68. Dalili ya tofauti ya aina hii ni kwamba ukiirudia hesabu kwa ile namba iliyopunguzwa unapata jibu lao hasa. Mwombe mwandishi atunze desimali zote kwenye katoni moja na azipunguze kwenye jumla tu, hasa ikiwa unalipia nafasi kwa mita ya ujazo.

Katoni isiyo na uzito

Kosa la pili halionekani kwa kuzidisha. Mstari wa sufuria unasema NW ni kilo 2,352 na GW ni kilo 2,352. Gawanya kwa 168: kila katoni ina kilo 14 za sufuria, na ikishafungwa bado ina kilo 14. Maana yake boksi, gundi, mkanda na karatasi za kutenganisha sufuria havina uzito wowote.

Hilo haliwezekani. Katoni tupu ya ukubwa huo, ya karatasi ngumu ya tabaka tano, huwa na kilo moja hivi au zaidi. Tukichukua kilo 1.2 pamoja na vifungashio vya ndani, katoni moja inafika kilo 15.2, na katoni 168 zinafika kilo 2,554, kilo 202 zaidi ya zilizoandikwa. Tazama sasa mistari mingine: katoni ya chupa ina tofauti ya kilo 1.5 kati ya uzito halisi na uzito ghafi, na ya kandambili pia 1.5. Tofauti hiyo ndiyo uzito wa boksi na vilivyomo visivyouzwa. Ikiwa ni sifuri, mtu amenakili safu moja mara mbili. Ikiwa GW ni ndogo kuliko NW, safu zimebadilishana. Na ikiwa boksi la ukubwa wa kawaida linaonekana kuwa na kilo 6 au 7, uliza kuna nini ndani yake.

Kilo 202 ni chache kwenye kontena hili, lakini uzito wa kontena si jambo la kukisia. Tangu tarehe 1 Julai 2016, chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, kontena lililojaa halipakiwi melini bila uzito wake kuthibitishwa. Mkataba unaruhusu njia mbili: kupima kontena zima likiwa limeshafungwa, au kupima kila kifurushi pamoja na mbao na vifungio vyote, kisha kuongeza uzito wa kontena tupu uliochapwa kwenye mlango wake. Kontena la futi 40 la kimo cha ziada huwa na kilo 3,900 hivi likiwa tupu. Anayetumia njia ya pili akiwa na orodha yenye NW mahali pa GW anathibitisha uzito usio wa kweli.

Sababu za sharti hilo zinajulikana vizuri. Januari 2007 meli iitwayo MSC Napoli ilipasuka ubavu katika mlango-bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, ikapandishwa kwa makusudi ufukweni Devon. Wachunguzi wa ajali wa Uingereza walilinganisha uzito wa makontena 660 ya sitahani yaliyobaki makavu na uzito uliokuwa umeandikwa. Makontena 137, yaani moja katika kila matano, yalipishana na karatasi zake kwa zaidi ya tani 3, na tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa tani 20. Wanaopanga mzigo melini huamua lipi likae chini na lipi juu kwa kusoma karatasi, kwa hiyo karatasi ikisema uongo, meli nzima inapangwa kwa uongo huo.

Uzito wa mita moja ya ujazo

Kuna kipimo kimoja kinachounganisha uzito na ujazo, nacho hukamata makosa makubwa kwa haraka. Gawanya uzito ghafi wa katoni kwa ujazo wake. Kandambili zetu zinatoa kilo 153 kwa kila mita ya ujazo, sufuria zikiwa na uzito uliosahihishwa zinatoa 174, na chupa, kwa vipimo vilivyoandikwa, zinatoa 143. Bidhaa za nyumbani zenye uwazi mwingi ndani yake hukaa maeneo hayo. Vigae vya sakafuni ni kinyume chake: katoni ya vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 huwa na kilo 29 hivi, unene wake haufiki sentimita 5, na ukigawanya unapata kama kilo 1,700.

Ukizoea bidhaa zako utajua kiwango cha kila moja. Siku orodha ikisema kandambili zina kilo 1,500 kwa mita ya ujazo, kuna sifuri iliyohama. Ikisema zina zaidi ya kilo 2,000, huenda vipimo vimeandikwa kwa inchi na kusomwa kama sentimita, kwa sababu inchi moja ni sentimita 2.54, na kosa hilo huufanya ujazo uwe pungufu zaidi ya mara 16.

Kipimo hiki pia kinakuambia ni kikomo kipi kitakachokufunga mapema. Kontena la futi 20 lina ujazo wa kama mita 33. Katoni 900 za vigae vile zinachukua mita 15 tu, chini ya nusu, lakini zina uzito wa tani 26. Kontena hilo limejaa kwa uzito ilhali macho yanaona nafasi tele, na likitoka bandarini litakutana na mizani ya barabarani kama ile ya Vigwaza, ambako sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari huweka kikomo cha kila ekseli na cha gari zima. Kontena letu la chupa, kandambili na sufuria litajaa nafasi kabla halijafika hata nusu ya uzito linaoweza kubeba. Kwa hiyo namba zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi kwetu ni vipimo vya katoni.

Namba zinazokubaliana lakini si za kweli

Hapo ndipo lilipo kosa la tatu, nalo ndilo zito. Mstari wa chupa za chai umepita mitihani yote. Katoni 300 mara vipimo vyake ni 26.31. Uzito ghafi na uzito halisi vina tofauti inayoaminika. Kilo kwa mita ya ujazo ni za kawaida. Lakini muuzaji alipoombwa kuweka utepe wa kupimia juu ya katoni iliyokwisha kufungwa na kupiga picha, utepe ulisoma 60 × 44 × 38.

Sentimita mbili kila upande. Chanzo chake ni cha kawaida sana: kiwanda kinachotengeneza maboksi huagizwa kwa vipimo vya ndani, ili bidhaa iingie, na karani wa mauzo hunakili vipimo hivyo hivyo kwenye orodha. Vipimo vya nje huongezewa unene wa karatasi, mikunjo ya juu na chini inayolaliana, na tumbo linalotokeza boksi likishajazwa. Kontena linachukua vipimo vya nje tu.

Mtu anaweza kudhani sentimita mbili ni jambo la kupuuza. Lakini zinazidishwa mara tatu, urefu kwa upana kwa kimo. Ujazo wa katoni moja unapanda kutoka mita 0.0877 hadi 0.1003, ongezeko la zaidi ya asilimia 14. Katoni 300 zinapanda kutoka mita za ujazo 26.31 hadi 30.10. Jumla ya kontena sasa ni 67.48. Mwenye kulipia nafasi katika kontena la kuchangia angetozwa mita 3.79 asizozitarajia, kwa kuwa ghala la kukusanyia mzigo hupima upya kwa utepe wake.

Hata hivyo 67.48 bado ni ndogo kuliko 76, na mtu anaweza kusema mzigo utaingia. Hautaingia, na sababu yake ni kwamba katoni si maji. Hazijazi kila pembe, hupangwa kwa safu.

Tupange basi. Kwa vipimo vya karatasi, katoni nne za sentimita 58 zinakaa sambamba kwenye upana wa kontena, zikichukua mita 2.32 kati ya 2.35. Zikipangwa saba kwenda juu, ukuta mmoja wa katoni una 28 na unakula sentimita 42 za urefu wa kontena. Katoni 300 zinahitaji kuta 11, yaani mita 4.62. Kandambili zinapangwa tano kwa sita, 30 kwa kila ukuta wa sentimita 60, kuta saba, mita 4.20. Sufuria zinapangwa nne kwa saba, 28 kwa kila ukuta wa nusu mita, kuta sita, mita 3.00. Ukijumlisha unapata mita 11.82. Kontena lina 12.03. Mzigo wote umeingia.

Rudia sasa kwa vipimo vya utepe. Katoni nne za sentimita 60 ni mita 2.40, na upana ni 2.35. Hazipiti. Inabidi zigeuzwe, tano za sentimita 44 zikae sambamba, na kila ukuta unakula sentimita 60. Kila ukuta una katoni 35, hivyo 300 zinahitaji kuta nane na katoni 20 za ukuta wa tisa. Hiyo ni mita 5.40, na jumla ya mzigo inakuwa mita 12.60. Kuta nane zikiingia, kontena limefika mita 12.00, na katoni 20 zimebaki sakafuni mwa ghala.

Je, haziwezi kubanwa kwenye mapengo? Juu ya kandambili kuna uwazi wa sentimita 29, na juu ya sufuria sentimita 24. Kando ya sufuria kuna sentimita 35. Upande mdogo kuliko wote wa katoni ya chupa ni 38. Hakuna pengo hata moja linaloipokea. Kontena lina zaidi ya mita 10 za ujazo za hewa, na katoni 20 zenye ujazo wa mita 2 hazina pa kukaa. Ndiyo maana wapakiaji wenye uzoefu, wakipewa mzigo wa katoni za saizi tofauti, huhesabu mita 65 hadi 68 tu kwenye kontena la aina hii, na hata hapo huuliza kwanza vipimo vya katoni moja moja.

Mlango nao una neno lake. Uwazi wake una kimo cha mita 2.58 tu, chini ya dari ya ndani kwa zaidi ya sentimita 10. Chupa zikipangwa saba zinafika mita 2.66, hivyo hazifai kuwa ukuta wa mwisho. Zikae ndani, na sufuria zinazoishia mita 2.45 zikae mlangoni.

Kabla ya kufunga mlango

Hesabu hizi zina faida zikifanywa mzigo ungali ghalani kwa muuzaji. Omba picha mbili kwa kila bidhaa, zote za katoni iliyokwisha kufungwa kwa mkanda: moja ikiwa na utepe kwenye pande tatu, nyingine ikiwa juu ya mizani. Omba katoni zaidi ya moja zipimwe, kwa kuwa ya kwanza huenda ilichaguliwa. Ingiza vipimo hivyo kwenye jedwali lako, si vile vya orodha, kisha panga kuta kama tulivyopanga hapa.

Kwenye mfano wetu mfanyabiashara ana njia mbili. Anaweza kupunguza kandambili kwa ukuta mmoja wa katoni 30, zikarudisha sentimita 60 ambazo ukuta wa tisa wa chupa unazihitaji. Au aziache katoni 20 za chupa zije na mzigo mwingine. Bidhaa ipi ina faida zaidi dukani ndiyo itakayoamua.

Akiziacha chupa, kontena litakuwa na katoni 658, mita za ujazo 65.47 na uzito ghafi wa kilo 9,519. Namba hizo tatu zinapaswa kuandikwa upya kwenye orodha ya mzigo, na invoisi ipunguzwe chupa 240, kwa kuwa kila katoni ina 12. Ukijumlisha kilo 3,900 za kontena tupu, uzito wa kuthibitishwa kwa ajili ya meli ni kilo 13,419 pamoja na mbao zozote za kuzuia mzigo. Yote hayo yafanyike kabla hati ya shehena haijatolewa, kwa sababu ikishatolewa na meli ikiwa njiani, kila namba inayorekebishwa huombewa kibali na hulipiwa, na mzigo ukitangulia kufika unasubiri marekebisho hayo bandarini.